Nukta ya ng'ambo

Karatasi ya kwanza ya mtindo niliyoiandika ilikuwa ya ukurasa mmoja, na mstari wake wa juu ulisema kanuni ziwe zilezile katika lugha zote mbili. Nilijivunia sana mstari ule. Tulikuwa watafsiri watatu katika chumba kimoja mjini Kigoma, tukitayarisha taarifa za uvuvi wa Ziwa Tanganyika, kila moja kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: taarifa za mwezi, mihutasari ya vikao, miongozo ya mialo. Mwenzetu mmoja alitoka Kenya, na tangu siku ya kwanza tulibishana iwapo alama "," inaitwa mkato au koma. Nilidhani huo ndio ungekuwa ugomvi wetu mkubwa.

Tulianza na herufi kubwa. Nakala za Kiingereza zilizokuja kwetu ziliandika vichwa vya habari kwa kukuza kila neno zito na kuyaacha madogo. Tukaiga kwa kukuza kila neno, na kichwa kikatoka hivi: "Taarifa Ya Uvuvi Wa Dagaa Kwa Mwezi Wa Machi". Ukikisoma unajikwaa kila hatua. Tukasema basi, ya, wa na kwa ziwe ndogo. Je, "kuhusu"? "Baada ya"? "Bila"? Kila neno likawa kesi, na kila kesi ikala nusu saa. Mwishowe tulikata shauri kwamba herufi kubwa ni ya neno la kwanza na majina maalumu tu, na Kiingereza nacho kifuate hivyohivyo. Ziwa Tanganyika lina Z kubwa. Ziwa likitajwa peke yake lina ndogo. Hapo mstari wangu wa juu ulikuwa bado umesimama.

Alama za mtajo nazo tulizimaliza upesi, ingawa sababu yake ilinifurahisha. Mwenzetu mmoja alizoea alama za kistari kimoja, kwa mazoea ya vitabu vya Uingereza. Jaribu kulitia humo neno ng'ambo: 'ng'ambo'. Jicho linafunga mtajo kabla neno halijaisha. Kiswahili kina ritifaa ndani ya maneno ya kila siku, ng'ombe, ng'oa, ng'ara, hivyo alama ya mtajo ikawa ya vistari viwili kwa lugha zote. Ritifaa yenyewe tuliagiza iwe iliyonyooka, kwa sababu programu yetu ya istilahi iliihesabu ng'ambo yenye ritifaa iliyopinda kuwa neno jingine kabisa.

Mstari wangu ulianza kuyumba kwenye tarakimu. Kanuni tuliyoirithi kutoka Kiingereza ilitaka moja hadi tisa ziandikwe kwa maneno, na kumi kwenda juu kwa tarakimu. Siku moja mteja aliomba neno mwalo libadilishwe kuwa kituo katika mwongozo mzima. Nikaamuru kompyuta ibadilishe, mialo ikawa vituo, na mwongozo ukarudi umejaa "vituo mitatu" na "vituo minne". Kwa Kiingereza tatu ni tatu hata nomino ikibadilika. Kwetu moja hadi tano, pamoja na nane, zinavaa nguo ya ngeli, na ukigusa nomino lazima uziguse na zenyewe. Nilisahihisha kwa mkono hadi jioni. Kesho yake tuliamua kwamba katika Kiswahili chochote kinachohesabiwa kiandikwe kwa tarakimu tangu moja: vituo 3, boti 8. Kiingereza kikabaki na maneno yake.

Kisha tukagundua kwamba kanuni nyingine ya Kiingereza haina kazi kwetu. Wao hawataki sentensi ianze na tarakimu, kwa hiyo wanaandika idadi kwa maneno au wanaipindua sentensi. Sisi nomino hutangulia. "Boti 45 zilikaguliwa." Imeanza na boti. Nilifuta kanuni hiyo upande wa Kiswahili, na nikafuta pia ule mstari wa juu.

Lakini kilichotufundisha kweli kilitoka ng'ambo. Upande wa Kongo walikuwa wakituletea hesabu za mialo yao, nao huandika kwa mazoea yao: nukta hutenga maelfu, na mkato hutenga desimali. Jedwali la mwezi mmoja lilikuwa na mialo mitatu, kilo za dagaa zikiwa 2.400, 850 na 1.375. Karani wetu akainakili safu hiyo kwenye Excel iliyopangwa kwa Kiingereza. Programu iliisoma ya kwanza kuwa mbili nukta nne, ikadondosha sifuri mbili za mwisho na kuonyesha 2.4. Ya tatu ikabaki kama ilivyo, 1.375, maana kwake ni kilo moja na ushei. Jumla ilitoka 853.775, mahali pa 4,625. Taarifa ikachapwa kwa lugha zote mbili, ikiwa na kosa lilelile, kwa mtindo uleule, imenyooka vizuri.

Ofisa mmoja wa uvuvi ndiye aliyepiga simu. "Dada, mwalo mzima kwa mwezi mzima umetoa kilo mbili na nusu? Hata paka wa pale hashibi."

Tangu siku ile najua pa kuangalia. Kwenye safu ya kilo, namba zisizolingana tarakimu baada ya nukta ni dalili ya kwanza: moja ina desimali moja, nyingine tatu, nyingine haina. Kwenye safu ya fedha dalili iko wazi zaidi. Namba kama 9.600.000 ina nukta mbili, programu haiwezi kuikubali kuwa namba, basi huiweka kama maandishi na kuisukuma kushoto, wakati namba halisi zinakaa kulia. Ukiona safu moja imegawanyika hivyo, jumla yake usiiamini, kwa sababu `SUM` huyaruka maandishi kimyakimya.

Tulifikiria kutenga maelfu kwa nafasi tupu, jinsi wanasayansi wanavyofanya, ili kusiwe na nukta wala mkato wa kugombania. Tuliacha. Namba ilikatika mwisho wa mstari, nusu juu nusu chini, na ikinakiliwa kwenye jedwali iligeuka maandishi vilevile. Tukachagua mkato kwa maelfu na nukta kwa desimali, kama zinavyosomwa Tanzania na Kenya, na kama tunavyotamka: mbili nukta nne. Tukaongeza kanuni moja ambayo sijaiona kwingine: desimali zisizidi mbili. Kwa hiyo nukta ikifuatwa na tarakimu tatu, mhariri anasimama na kupiga simu.

Niliogopa kumwambia karani wa ng'ambo abadilishe mazoea yake ya tangu shuleni. Nilipompigia alicheka. "Mama, mimi nitaandika yangu, wewe utaandika yako. Lakini nitakutumia na jumla niliyoipiga mwenyewe." Hadi leo kila jedwali lake linakuja na jumla chini, kwa wino, kwenye picha ya daftari. Tunaipiga upya kwetu na kulinganisha kabla hatujatafsiri hata kichwa.

Karatasi ya mtindo sasa ina kurasa 4. Ukurasa wa tarakimu umegawanywa safu mbili, Kiswahili kushoto na Kiingereza kulia, na katika mistari mingi safu hizo hazifanani. Jina la ile alama ya maelfu halijaamuliwa. Mahali pake kwenye karatasi nimeichora tu.