Pumzi Mwisho wa Mshororo

Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari mkoani Tanga mpaka nikastaafu, na katika kila shule niliyohamia, kazi ya kuwaandaa wanafunzi wa kukariri mashairi iliniangukia mimi. Ikija sherehe, mahafali au mgeni kutoka wilayani, walimu wenzangu waliniletea watoto wawili watatu na kuniambia, “Mwalimu, hawa tunakuachia.” Sikuwahi kuikataa kazi hiyo. Niliipenda kuliko kusahihisha insha, na bado naipenda.

Kizazi changu kililelewa na ngonjera. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, ngonjera alizozianzisha Mathias Mnyampala ziliingia madarasani, nasi tulipangwa mistari miwili, upande mmoja ukiuliza na wa pili ukijibu, sote kwa sauti moja. Jioni tulisikiliza “Malenga Wetu” ya Redio Tanzania, ambako mashairi yaliimbwa kwa mahadhi. Masikio yetu yalijaa mashairi kabla hatujajua mizani ni nini. Hiyo ni neema kubwa. Lakini ndiyo pia iliyowatia watoto wengi mazoea niliyokuja kuyafanyia kazi maisha yangu yote: ukimpa shairi lolote la tarbia asome kwa sauti, liwe la msiba au la harusi, utasikia wimbo uleule.

Nieleze wimbo huo unatoka wapi. Mshororo wa tarbia una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, kwa hiyo katika kila mshororo mkazo mzito huangukia mizani ya 7 na ya 15, kisha kina kinafuata. Mtoto asiyefikiri maana huuachia mkazo huo umwongoze. Anapandisha sauti kwenye kina cha kati, anaishusha kwenye kina cha mwisho, anavuta silabi ya mkazo, na mshororo unaofuata anafanya vilevile. Kipimo changu kilikuwa rahisi. Nilitoka nje ya darasa, nikafunga mlango, nikasikiliza kupitia ukuta. Maneno hayasikiki, ila mwendo wa sauti unasikika. Mishororo minne ikifanana yote, najua ndani mle kuna mtu anayeimba huku akidhani anakariri.

Sisemi kuimba shairi ni kosa. Kuimba ni sanaa yenye wenyewe, na mahadhi ya zamani yana ufundi ambao mimi sina. Ninachosema ni kwamba anayekariri hana ala wala mahadhi ya kumbeba. Ana maneno na pumzi tu, na wimbo wa kujirudia unayafunika maneno.

Kwa mazoezi nilitunga beti zangu mwenyewe, kwa sababu mashairi ya vitabuni watoto walikuwa wameshayashika na wimbo wake. Ubeti nilioutumia zaidi ni huu:

Mke kasimama pwani, jua linapotuama,
Kila dau la mgeni likija, aliandama
Kwa macho yaliyo ndani ya simanzi na nakama:
“Bahari, nipe mwandani, nimechoka kusimama.”

Nakumbuka msichana mmoja wa kidato cha pili aliyeletwa kwangu na ubeti huo akiwa tayari ameuhifadhi. Sauti yake ilikuwa nzuri, nyepesi na safi. Lakini kila alipofika kama mizani ya 12 au ya 13, sauti ilififia, na kina cha mwisho kikapotea kabisa. “Tuama” ikawa “tua”, “nakama” ikawa mnong’ono. Walimu walimwambia apaze sauti. Akapaza, na hewa ikamwishia mapema zaidi, kwa sababu kelele hula pumzi.

Shida ilikuwa mabega. Kila alipovuta hewa mabega yalipanda, maana yake alijaza sehemu ya juu ya kifua tu. Nilimwambia aweke viganja kiunoni, vidole gumba nyuma, avute hewa mpaka mikono yake isukumwe nje, mabega yakiwa yametulia. Kisha aitoe kwa “sss” nyembamba isiyoyumba. Siku ya kwanza sauti ile ilikatika katika sekunde ya saba au ya nane. Baada ya wiki chache alifika 15 bila kutetemeka, na mshororo mmoja kwa mwendo wa kukariri hauchukui zaidi ya sekunde nne au tano. Kwa hiyo alibaki na akiba, na akiba hiyo ndiyo inayokisimamisha kina cha mwisho. Anayekariri akimaliza mshororo huku hewa imemwishia kabisa, ameshachelewa. Apumue akiwa bado anayo kidogo.

Baada ya hapo tulishika penseli. Nilikuwa na alama tatu: mkwaju mmoja kwa pumzi ndogo ya kuiba, mikwaju miwili kwa pumzi kamili, na mshale mahali ambapo mtu hapumui hata kama mshororo umekwisha. Hapo ndipo kanuni ya kupumua mwisho wa mshororo inapohitaji akili. Mshororo wa kwanza hauna taabu. Maana inakamilika penye “tuama”, kwa hiyo ni mikwaju miwili. Mshororo wa pili ni mtego. Mtoto hutua penye “mgeni” kwa sababu ndipo kina cha kati kilipo, ilhali maana inataka “kila dau la mgeni likija” kwa pamoja. Halafu hutua tena penye “aliandama” na kuvuta hewa kwa nguvu, na msikilizaji hajui bado mke yule anaandama kwa njia gani, kwa miguu au kwa macho.

Tulihesabu pamoja. Kutoka “kila” hadi “likija” ni mizani 11. Pana mkato, basi tukaweka pale mkwaju mmoja. Kutoka “aliandama” hadi “nakama” ni mizani 21, zinazotoka kwa pumzi moja kwa aliyefanya mazoezi ya “sss”. Mwisho wa mshororo wa pili tukaweka mshale.

Akaniuliza, “Sasa mwalimu, nisipopumua hapo, watu watajuaje kuwa mshororo umekwisha?”

Swali lake lilikuwa zuri kuliko mengi niliyoulizwa na watu wazima. Nilimwonyesha kwamba mwisho wa mshororo husikika hata bila pumzi. Irefushe kidogo silabi ya mkazo, “aliandaama”, uiache sauti ikining’inia juu bila kushuka, kisha uingie “kwa macho” bila kufungua pengo. Sikio linapata kina chake, na maana haikatiki. Kwenye “mgeni” hakuna haja hata ya kurefusha. Itamke “ni” yako wazi, usiimeze, na kina cha kati kitasikika chenyewe.

Kabla ya “Bahari” tuliweka pumzi kamili na kuiongeza urefu, kwa kuwa hapo anayesema si msimulizi tena, ni mke mwenyewe.

Kazi ya kuvunja wimbo tuliifanya kwa kuliacha shairi kando. Nilimwambia anisimulie ubeti kwa maneno yake, kama anavyomsimulia dada yake jambo aliloliona ufukweni. Alipofika penye kauli ya mke, alishusha sauti bila kuambiwa na kusema taratibu kwamba amechoka. Nikamsimamisha hapohapo na kumwambia aliseme la shairi kwa sauti hiyohiyo. Mshororo wa nne ukatoka na umbo lake, haukufanana na wa kwanza wala wa tatu. Tulifanya hivyo kwa kila mshororo.

Hapa pana hatari ya pili, na aliyenionyesha ukali wake ni mzee mmoja mtunzi, jirani yetu, aliyekuja kusikiliza mazoezi. Nilimwamkia, akaketi kwenye dawati la nyuma, akasikiliza wanafunzi watatu, kisha akaniita.

“Mwalimu, huyu wa mwisho amenisomea taarifa ya habari.”

“Mzee, nimewakataza wasiimbe.”

“Umefanya vyema. Lakini mizani iko wapi? Shairi halina wimbo, sawa. Na lisiwe na mwendo?”

Tulibishana mpaka jua likazama, kwa adabu, na hatukukubaliana juu ya wimbo. Juu ya mwendo alikuwa na haki. Mtoto aliyeuacha wimbo kwa woga huanza kukimbiza maneno, na mizani 16 zinakuwa sentensi ya kawaida. Tangu siku ile niliongeza zoezi la kidole: mwanafunzi anakariri huku akigonga dawati taratibu kwenye mizani ya 7 na ya 15 tu, na sauti inaruhusiwa kupanda au kushuka popote ila kidole hakichelewi. Kidole kinatunza mapigo, sauti inatunza maana. Akizoea, anaondoa kidole.

Tenzi zinataka mkono tofauti. Katika “Utenzi wa Hati” aliouandika Shaaban Robert kwa ajili ya binti yake, kipande kina mizani 8 tu. Ukipumua kila kipande, unahema kama aliyepanda ngazi. Wanafunzi wangu walipumua baada ya vipande viwili, na kipande cha nne, chenye kina kinachorudi ubeti baada ya ubeti, walikipa utulivu kidogo mbele yake.

Hisia ndiyo iliyonipa kazi kubwa kwa watoto wenye vipaji. Wengi waliamini hisia ni kutetemesha sauti na kukunja uso. Sauti inayotetemeshwa makusudi huvuja hewa, na kina ndicho kinachoumia kwanza. Nilichotaka wajue ni nani anasema, na anamwambia nani. Shairi langu lenye ubeti ule wa mke aliyesimama pwani lilikuwa na beti tano, na kibwagizo, mshororo ule wa “Bahari”, kilikuwa kilekile. Msichana yule tulimwekea la kufanya kila kiliporudi: mara ya kwanza mke anaomba, mara ya pili anaomba akiwa na haya kwa sababu watu wanamtazama, mara ya tatu anailaumu bahari. Mara ya nne hakupaza sauti, aliongeza tu kituo kati ya “mwandani” na “nimechoka”. Mara ya tano aliyasema maneno kama mtu asiyengoja jibu. Maneno hayakubadilika hata silabi moja.

Siku hizi naitwa mara kwa mara kuwasaidia vijana wanaokariri harusini na kwenye mikutano, na kipaza sauti kimeleta jambo jipya. Pumzi ambayo zamani ilimezwa na uwanja sasa inasikika hadi nyuma ya ukumbi, “hhh” kila mwisho wa mshororo. Huwaambia wakiweke kipaza sauti umbali wa shubiri moja, chini kidogo ya kidevu, wasikielekeze mdomoni. Na wafungue mdomo kabla ya kuvuta hewa, siyo wakati wa kuivuta, maana hewa ikipita kwenye midomo iliyo wazi na koo lililolegea hupita kimya. Wale wanaokishika kwa mkono huwaomba wakiweke kwenye stendi, kwa sababu mkono uliokaza hupandisha bega, na bega likipanda tunarudi kwenye pumzi ya juu ya kifua.