Mabano yangu yalimsingizia shosho

Wasee, wiki jana niligeuza mahojiano yangu na shosho kuwa mchezo wa kuigiza. Dakika 40 za rekodi, nilikuwa nishaziandika neno kwa neno. Jina la msemaji kwa herufi kubwa, nukta mbili, halafu maneno yake. Hiyo ilikuwa rahisi. Shida ilikuja kwa mabano, yale maelekezo ya jukwaani.

MIMI: Guka alirudi lini?
SHOSHO: (kwa huzuni, akipangusa machozi) Hakurudi.

Nikamsomea. Akacheka. "Wewe, nani alilia? Huo ulikuwa moshi!"

Nikarudia rekodi. Kuna kimya cha sekunde 6, kisha kuni zinasukumwa. Huzuni ilikuwa yangu. Nikaandika upya:

SHOSHO: (Kimya. Anasukuma kuni, anapangusa macho. Moshi.) Hakurudi.

Sasa ndani ya mabano naweka tu kilichosikika au kuonekana. "Kwa huzuni", "kwa hasira", hizo nafuta. Msomaji hawezi kujua hisia hizo nimeziongeza mimi. Ataamini ni za shosho. Na bado, huo moshi unauma kuliko machozi yangu ya uongo.