Twiga wa kwenye picha alinitoa jasho!

Msomaji wangu, ukiona tangazo la safari limeandikwa "kila kitu kimo", usishangilie kwanza. Mwenzenu niliyaandika maneno hayo kwa mkono wangu, chini ya picha nzuri ajabu, na yakanirudi kama kibao.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye ofisi moja ya safari za watalii pale Dar. Jina nalihifadhi, ugali wangu ulitoka humo. Siku moja bosi akanitupia picha mezani: vijana wanne wamekaa kwenye jiwe ukingoni mwa mlima kule Mtae, Usambara, wamevaa masweta, na chini yao nchi tambarare imelala mpaka macho yanachoka. Pembeni gari la kupanda milima. Kwenye kitambaa kuna ndizi, mkate na soda. Halafu kona ya chini fundi wa matangazo alikuwa amebandika twiga mdogo, eti kunogesha.

"Binti, weka maneno machache, watu wavutike," bosi akasema.

Nikaandika: "Fungate au mapumziko! Siku 3 Lushoto, Mtae mpaka Mnazi. Sh. 290,000 tu, kila kitu kimo." Nikajiona mkali kweli kweli.

Wa kwanza kunasa walikuwa maharusi wa Temeke, jamaa fundi umeme na mkewe wa wiki moja. Walilipa 580,000 za watu wawili, taslimu, nikawakatia risiti huku nawatania. Wakapanda basi mpaka Mombo, wakapandisha ile barabara ya kona kona ya kilomita 33 hadi Lushoto. Nauli wakajilipia, maana dereva wetu alikuwa anasubiri huko huko juu. Sikuwa nimeandika kama safari inaanzia Dar au Lushoto. Hilo walinisamehe.

Kasheshe ilianza asubuhi. Dereva akawauliza, "Wengine wako wapi?" Wengine gani tena?

Hapa ndipo penye siri ya bei za namna hii. Gari la safari ile, pamoja na mafuta na dereva, lilikuwa linatugharimu 600,000. Ukiligawa kwa watu wanne, kila mmoja anabeba 150,000, na ile 290,000 inatosha kulipia chumba, chakula na faida ya bosi. Wakiwa wawili tu, kila mmoja anabeba 300,000 ya gari peke yake, yaani bei yote imeshaliwa kabla hawajalala wala hawajala! Dereva alikuwa na amri ya kutoondoka bila watu wanne. Bosi alijua, dereva alijua, mimi nilijua. Maharusi waliona vijana wanne kwenye picha wakadhani ni pambo.

Wakangoja siku nzima mpaka wakapatikana wawili wengine. Chumba cha usiku ule wa ziada wakalipia wenyewe, na hiyo ndiyo ilikuwa nauli yao ya kurudi.

Kesho yake wakaenda Mtae, wakapiga picha kwenye jiwe lile lile, kisha wakateremka kwa njia ya Mlalo na Mng'aro mpaka Mnazi. Sasa Mnazi si mlimani. Iko wilaya hiyo hiyo ya Lushoto, lakini chini kabisa upande wa kaskazini, kwenye tambarare ya mkonge na joto. Milima unaiangalia kwa nyuma, imekusimamia kama ukuta. Ni pazuri, tena mimi napapenda kuliko Lushoto mjini. Ila bibi harusi alikuwa amefungasha masweta matatu na hana hata kanga nyepesi. Aliona sweta kwenye picha, na chini yake akasoma "Mnazi". Nani mwenye kosa?

Jioni simu ikalia.

"Dada, twiga tunaenda kumwona saa ngapi?"

Nikamweleza kwamba twiga wako Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, jirani na hapo, na kuingia huko kuna ada ya serikali. Ni ya kila kichwa kwa saa 24, gari nalo lina yake, na malipo yanapitia namba maalumu, siyo noti za mkononi. Ofisi yetu haikulipia.

Kimya. Kisha akasema taratibu, "Lakini dada yangu, twiga yupo kwenye picha." Nyuma yake nikamsikia mkewe anasema, "Mwache, turudi tu nyumbani." Ile sauti ya mke, jamani! Siyo hasira. Ni mtu anayemhurumia mumewe.

Nikawatumia nauli kwa simu, kutoka mfukoni mwangu. Bosi alisema mimi nina moyo wa nazi.

Baadaye ndiyo nikajua kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na kwamba Ulaya walishatunga sheria ya safari za pamoja mwaka 1990, wakaibadilisha mwaka 2015, na tangu ile ya kwanza usafiri, malazi na milo vinatakiwa viandikwe wazi. Wakati ule nilikuwa na kalamu na aibu tu.

Dereva aliporudi Dar nikamkalisha chini na ile picha. Nikaanza kugusa kitu kimoja kimoja kwa kidole, namwuliza: hiki tumelipia? Jiwe? Bure. Gari? Ndiyo, wakiwa wanne. Mkate na ndizi? Ndiyo, mchana wa siku ya pili. Soda? Akacheka: "Zile niliwauzia." Twiga? Akatikisa kichwa. Nikagundua kitu kilichopo kwenye picha mteja ameshakihesabu chake, hata kama maneno yamenyamaza. Kwa hiyo ama kitoke kwenye picha, ama maneno yaseme hakimo. Na yaseme hapo hapo chini, kwa herufi zile zile, siyo kule mwisho kwa herufi za sisimizi.

Twiga nikamng'oa. Nikaandika hivi:

"Picha imepigwa Mtae, kwenye baridi, siku ya tatu tunashuka Mnazi, kwenye joto. Siku 3, usiku 2, kuanzia na kuishia Lushoto mjini. Sh. 290,000 kwa mtu, wakiwa wanne gari moja, wawili chumba kimoja. Wasipotimia wanne tutakwambia siku 3 kabla, uchague kuongeza fedha au kurudishiwa zote. Imo: gari, mafuta, dereva, vyumba, chai ya asubuhi, chakula cha usiku, na mchana wa siku ya pili. Haimo: nauli ya Dar na Lushoto, vinywaji, michana mingine, na kuingia Hifadhi ya Mkomazi. Masika njia ya kushuka Mnazi ikiharibika, tunabaki Mtae."

Bosi alipoona akashika kiuno. "Hii ni barua ya posa au tangazo?" Nikamwambia atoe nafasi ya yule twiga, maneno yataenea. Akanung'unika, akakubali.

Gazeti lilipotoka, simu ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja wa Tanga, sauti ya taratibu.

"Mwanangu, nimesoma yote, asante. Na maji ya kunywa ni vinywaji, au yamo?"

Nikamwomba asikate simu, nikamtafuta dereva.