Miezi ya Uchumba: Anakupenda kwa Lugha Gani?



Sisi wa cherehani tunamwona biharusi mara nyingi kabla ya siku yake: anakuja kupimwa, anarudi kujaribu, kisha anakuja kuchukua nguo. Kati ya safari hizo maneno hayakosi, na swali linalojirudia ni moja: "Hivi huyu mchumba wangu ananipenda kweli?"

Mwaka 1992 mchungaji mmoja Mmarekani, Gary Chapman, alitoa kitabu kilichosema kwamba watu huonyesha mapenzi kwa njia tano: maneno, muda, msaada, zawadi na mguso. Kwetu sisi mguso unasubiri nikaha, kwa hiyo kwenye uchumba tunabaki na nne. Na hizo si ngeni katika dini yetu. Mtume wetu (S.A.W.) alihimiza watu wapeane zawadi ili wapendane, alimwelekeza sahaba amwambie mwenzake kwamba anampenda, na Bi Aisha ametueleza kuwa alikuwa akiwasaidia watu wake kazi za nyumbani.

Chukueni kisa cha binti mmoja aliyeposwa Mfunguo Mosi. Kufika Mfunguo Nne alikuwa kachoka. Wachumba wa wenzake wanaandika ujumbe mrefu usiku, wake anaandika "Salama? Mmekula?" basi. Tukamwambia, mwanangu, acha kwanza kuhesabu asichofanya. Tuhesabie alichofanya mwezi huu bila ya kuombwa.

Akaanza polepole. Pampu ya maji iliharibika kwao, mchumba akaja na kaka yake siku hiyo hiyo wakaitengeneza. Mama ana siku zake za kliniki. Mara mbili kijana amempeleka na kumrudisha. Mvua iliponyesha, alimtuma mdogo wake aangalie bati linalovuja. Tukamuuliza, na wewe je, ulipofanya nini alifurahi sana? Akacheka. Maneno yake matamu yote yalijibiwa "Ahsante", lakini siku aliyomshonea upindo wa kanzu uliofumuka, kwao nyumba nzima ilipata habari.

Hapo jambo likawa wazi. Kijana anapenda kwa msaada, binti anapenda kwa maneno, na kila mmoja alikuwa akimpa mwenzake kile ambacho yeye mwenyewe angetaka kupewa.

Kwa hiyo dada, ukitaka kujua, tazama mambo matatu: anachofanya bila ya kuombwa, anacholalamikia kukikosa, na anachokishukuru kwa furaha. Anayesema "siku hizi hupatikani" anataka muda, hata kama ni nusu saa ukumbini mbele ya wazee. Aliyeihifadhi kofia uliyomfumia asiivae ila Ijumaa, zawadi zinamgusa. Lakini usihukumu wiki za mwanzo. Posa ikiwa mpya kila mtu anafanya yote manne, halua inaletwa, simu haikauki. Subiri mwezi wa pili na wa tatu, kazi zikibana na pesa zikipungua. Kile kinachobaki ndicho chake.

Hata hivyo, si kila kinachofanana na mapenzi ni mapenzi. Anayepiga kila baada ya dakika kumi kuuliza uko wapi na nani, huyo hakupi muda, anakulinda kama mzigo. Zawadi inayotajwa kila mkigombana ni deni. Msaada unaofanyika watu wakiwapo tu, na kukoma wakiondoka, ni wa kuonekana. Na maneno matamu yanayokuvuta mkutane faragha kabla ya ndoa, hayo yakatae, na mwambie mama au somo wako mapema.

Yule binti tulimshauri asinune, aseme. Akamwandikia kwamba mambo anayowafanyia kwao anayaona na yanamfurahisha, ila neno moja zuri la usiku lingempumzisha moyo. Kijana hakugeuka mshairi. Alianza kutuma sauti ya sekunde chache, anajikwaa, mara anasahau. Lakini alijaribu, na kujaribu huko ndiko binti alikokuwa akikutafuta. Naye sasa akitaka kumfurahisha hamwandikii kurasa. Anauliza kuna kanzu gani ya kutia vifungo.

Mkigundua hamfanani lugha, hilo peke yake si sababu ya kuvunja posa. La kuangalia ni ukishamwambia unachohitaji, kwa upole na uwazi, anafanya nini: anajaribu japo kidogo, au anakucheka? Jibu hilo lichukue kwa walii wako na kwenye istikhara, kabla mahari hayajapokelewa na kitambaa hakijakatwa.

Allah awajaalie wachumba wenye huruma. Amin.