Maji ya Kwanza Si ya Kunywa

Katika kijiji kimoja karibu na Kisangani, komite ya maji iliniuliza: "Papa, kwa mita sita maji yako. Mbona fundi anaendelea kutoboa?"

Niliwaonyesha udongo uliotoka. Juu ni mchanga. Uchafu wa vyoo unapita humo upesi, tena kiangazi maji yake yanashuka na pompi inavuta hewa. Chini yake ni udongo wa mfinyanzi, unaozuia. Chini tena ni mchanga wa chembe kubwa, unaotoa maji. Huko ndiko bomba lenye matundu linakaa. Juu, simenti inaziba kandokando yake.

Fundi akikuambia mita 36, hesabu vyuma vyake vya kutobolea: vya mita tatu, viwe 12.