Aliisifia Keki, Nilipomwomba Aandike Akanikimbia

Hivi umewahi kukutana na mtu, macho yenu yakagongana kabisa, halafu akajifanya anatafuta kitu kwenye pochi? Mimi limenikuta, tena ndani ya duka la dawa pale Tabata. Na wala hakuwa mdaiwa wangu. Alikuwa bibi harusi ambaye miezi miwili nyuma tulimtengenezea keki ya ngazi tatu, akatulipa yote bila usumbufu, na usiku wa harusi akanishika mikono yote miwili akasema, "Dada, sijui hata niseme nini. Nilishajua hii inaanguka!"

Basi nikabaki najiuliza, nimemkosea nini dada wa watu?

Mimi na mume wangu tunaoka keki nyumbani, yeye akiwa fundi wa kupanga na kupamba, mimi nikiwa mpokea simu na mtoza madeni. Mchana nina kazi yangu ya uhariri. Mwaka huo tulikuwa tumejibana tukakodi fremu, na kodi ya miezi sita tulishaitoa. Tulihitaji oda kubwa, zile za kamati za harusi. Sasa si unajua kamati zetu? Mwenyekiti hataki kuona picha tu, maana picha kila mtu anazo, hata za keki asizooka yeye. Anataka kusikia kwa mtu aliyewahi kuhudumiwa.

Ndiyo maana nilimtumia bibi harusi wetu ujumbe huu kwenye WhatsApp: "Habari za leo dada. Tunaomba utuandikie ushuhuda wako kuhusu huduma zetu ili utusaidie kukuza biashara. Andika chochote unachojisikia." Nikaona nimeandika kistaarabu kweli. Alama mbili zikageuka bluu. Kimya. Baada ya wiki nikakumbushia. Kimya tena. Baadaye nikasikia keki ya siku ya kuzaliwa ya mama yake wameichukua kwingine. Hapo mume wangu akanuna, na sikuwa na la kumjibu.

Pale duka la dawa nilimsogelea nikamsalimia, akacheka kwa aibu. "Dada yangu, nisamehe. Kila nikitaka kuandika naona sijui nianzie wapi. Ushuhuda! Nikajiona kama nimesimama kanisani na kipaza sauti. Siku zikaenda, nikaona hata kukupigia simu kwa ajili ya keki ya mama nitakuwa sina uso."

Nilirudi nyumbani nimenywea. Kazini huwa simwambii mwandishi "andika chochote". Nampa swali. Najua kabisa kwamba karatasi nyeupe inamtisha hata anayelipwa kwa kuandika, halafu mteja wangu, mtu wa mahesabu benki, nikampa kazi ya nyumbani na kuiita ombi. Neno lenyewe zito, urefu sijamwambia, yatakwenda wapi hayo maneno sijamwambia, na mlango wa kukataa sijamwachia. Akakataa kwa njia pekee iliyobaki, kunikimbia.

Tena ushuhuda wenyewe alishanipa! Ule usiku, mbele ya keki. Nilichotakiwa ni kuukumbuka.

Nikampigia jioni ileile, nikamwambia hakuna kuandika, nina maswali matatu tu. Kabla hujachukua keki kwetu ulikuwa unaogopa nini? Siku yenyewe ikawaje? Na kuna kitu hakikukaa sawa? Dakika saba hivi, amemaliza. Alikuwa anaogopa joto la ukumbi, kwa sababu kwenye harusi ya rafiki yake krimu iliyeyuka ngazi ya juu ikalala upande. Siku yake umeme ukakatika, jenereta likagoma, feni zote kimya, naye macho kwenye keki kuliko kwa bwana harusi. Haikutikisika. Kilichomkera ni kwamba tulichelewa kufika nusu saa.

Swali la kwanza ndilo lenye mali, nakuambia. Ukimuuliza mteja "ulionaje huduma?" atakujibu "nzuri, Mungu awabariki", na maneno hayo yanamfaa hata fundi bomba. Lakini mteja ajaye ana woga uleule wa joto na ngazi kulala, akisoma woga wake umeandikwa na mtu mwingine, anasimama.

Nikakaa nikapunguza mazungumzo yote yakawa sentensi nne, nikamtumia hivi: "Dada, nimeyaandika uliyosema leo. Naomba tuyaweke kwenye ukurasa wetu wa Instagram na tuwaonyeshe kamati za harusi. Ukiona sawa, jibu 'sawa'. Neno lolote usilopenda libadilishe. Niambie pia kama tuweke jina lako la kwanza tu au tusiweke kabisa. Na kama hupendi kutokea, sema hapana, wala hakiharibiki kitu kati yetu."

Jibu lilikuja kabla sijaiweka simu chini. Sawa, jina la kwanza tu, picha iwe ya keki bila yeye. Ila alikuwa na lalamiko moja. Mimi mhariri, mkono ukiniwasha, nilikuwa nimeandika "keki ilistahimili mazingira magumu". Akasema, "Dada, mimi siongei hivyo. Weka nilishajua inaanguka." Nikaweka. Na ile nusu saa ya kuchelewa nikaiacha humohumo, ingawa mume wangu alitaka niifute. Ukikata lawama ukabakiza sifa, aliyesema akija kusoma atajua umemlisha maneno, na huyo hutampata tena.

Mume wangu alikuwa na wazo jingine, kwamba kila atakayetusifia tumpunguzie bei ya keki inayofuata. Nilikataa, tukabishana mpaka chai ikapoa. Mtu akishalipwa kusifia, ukweli wake hata ukiwa ukweli una harufu. Zawadi ya kushukuru baada ya hapo, bila kuahidi mwanzoni, hiyo sina neno nayo.

Kuhusu muda, sasa tunauliza siku tatu nne baada ya sherehe, picha zikishaanza kusambaa na mtu bado anazungumzia harusi yake kwa hiari. Usiku wenyewe amechoka, mwezi ukipita amesahau. Mwenye deni letu simuombi mpaka amalize, maana atahisi namwekea mtego. Na wapo wanaosema hapana. Mmoja aliniambia mume wake hapendi mambo ya mtandaoni, nikamshukuru tukaendelea na habari za watoto. Mwezi uliofuata alileta oda.

Wiki chache baada ya kuyabandika yale maneno, alipiga simu mwenyekiti wa kamati moja, mzee wa sauti nzito. "Binti, hii habari ya umeme kukatika ni ya kweli? Naomba namba ya huyo mama nimsikie mwenyewe."

Mdomo ulishafunguka nimpe, nikajizuia. Ruhusa niliyokuwa nayo ilikuwa ya sentensi nne na jina la kwanza, basi. Namba ya simu ya mtu ni ombi jingine. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, nipe nusu saa nimuulize kwanza."

Nikamtumia ujumbe bibi harusi wetu, nikamweleza ni nani na anataka kujua nini. Akajibu: "Mwambie apige saa kumi na moja nikishatoka kazini. Halafu dada, ile nusu saa namwambia pia, eh?"