Epulu: Okapi wa mashine anaruhusiwa katika memwari?

Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu hapa Bunia, mzaliwa wa Epulu katika teritwari ya Mambasa, amemwandikia barua profesa anayeongoza memwari yake. Anachunguza maisha ya watu wa Epulu na msitu wa Hifadhi ya Okapi. Kwa sababu ya usalama mdogo hakuweza kurudi kwao. Aliuliza maswali kwa jamaa 40 zilizokimbilia Bunia.

"Bwana Profesa," anaandika, "sina picha niliyopiga mwenyewe. Niliomba akili bandia initengenezee okapi jike, pamoja na mchoro wa majibu ya watu. Naweza kuviweka, kama nikiandika chini kwamba ni kazi ya mashine?"

"Mwanangu, kuandika ni lazima, lakini hakutoshi," profesa alijibu. Akamkumbusha habari ya Februari 2024. Jarida Frontiers in Cell and Developmental Biology lilitoa makala yenye mchoro wa panya uliotengenezwa na Midjourney. Waandishi walisema wazi kwamba walitumia chombo hicho. Hata hivyo viungo vya panya vilikuwa vya ajabu, na maneno ya kuvieleza hayakuwa na maana. Baada ya siku tatu tu makala iliondolewa.

Kisha akamwomba atazame okapi wake. Jike alikuwa na pembe, na kumbe kwa okapi ni dume tu mwenye pembe. Tena mistari ya miguuni hutofautiana kwa kila okapi, na watafiti huitumia kumtambua mnyama mmoja mmoja. Mistari ya mashine si ya mnyama yeyote. Picha ya namna hiyo haiwezi kuwa ushahidi. Afadhali aombe picha ya kweli kwa wahifadhi, aandike jina la mpigaji, mwaka na ruhusa aliyopewa.

Kuhusu mchoro wa majibu, jamaa 26 kati ya 40 zilisema kuni walizitoa msituni. Hiyo ni asilimia 65. Lakini nguzo ya mashine, ukiipima kwa rula, ilifika karibu 75. Mashine ilichora picha inayofanana na mchoro, haikuhesabu. Jamaa nne ambazo hazikusema hivyo zilihesabiwa kama zilisema. Profesa alimwagiza aingize hesabu zake katika Excel, ili nguzo itoke kwenye namba zenyewe, na atunze karatasi za majibu.

Kitu kimoja alikikubali: mchoro wa kueleza hatua za utafiti, usiodai kuonyesha kilichoonekana wala kilichohesabiwa. Huo unaweza kusaidiwa na mashine ikiwa sheria za kitivo zinaruhusu, ikiwa chombo kimetajwa, na ikiwa mwanafunzi amehakiki kila neno.

"Siku ya kutetea memwari," profesa alimaliza, "juri itakuuliza wewe, si mashine."

Mwanafunzi amekwisha kuchora upya nguzo zake. Okapi wa mashine amemtoa.